Kiboko kasimama kati ya bodaboda na kibanda: wakuu, nisaidieni kusoma vivuli vya picha hii

Mkolani Kwetu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Picha hii inazunguka kwenye magrupu karibu yote niliyomo. Kwa ambao itagoma kuwafungukia: ni barabara ya vumbi baada ya mvua, jua limetoka. Kushoto kuna nguzo ya umeme, katikati bodaboda imeegeshwa haina mtu, kulia kuna kibanda chekundu. Mbele ya kibanda amesimama kiboko mzima mzima, ubavu ukituangalia sisi. Mbele yao, upande wa mpiga picha, kuna dimbwi refu linaloanzia kwenye matairi ya bodaboda hadi mbele ya kiboko.

Grupu moja wameandika "Kisumu leo asubuhi". Grupu jingine, picha ile ile, "Mwanza, wazazi zuieni watoto". Sasa mimi naishi Mwanza na nina watoto.

Mimi nasema ni feki, na sababu yangu ni vivuli. Tazameni kivuli cha nguzo: kimelala karibu sambamba na ukingo wa chini wa picha, halafu kinapofika kwenye ukingo wa mtaro kinavunjika na kupinda. Kivuli cha bodaboda kinakuja mbele zaidi, kuelekea kwetu. Jua ni moja, vivuli viwili vinaelekea njia tofauti. Nimekosea wapi?

---

Dakitari wa Simu

Hujakosea popote. Hiyo ni fotoshop ya wazi. Mimi nimeipitisha kwenye ELA, kile kipimo cha mtandaoni cha kugundua uhariri, na kiboko amewaka mweupe kingo zote, hasa masikioni na mgongoni. Barabara imebaki nyeusi. Maana yake kiboko kabandikwa. Kesi imeisha.

---

Otis wa Nyalenda

Kesi haijaisha ndugu. Mimi niko Kisumu na kiboko kutoka ziwani si hadithi huku, usiku wanatoka kula nyasi mpaka karibu na nyumba za watu. Kwa hivyo usianze na "haiwezekani". Inawezekana kabisa. Swali ni kama hiyo picha ndiyo.

---

FundiPicha

Otis kaanza pazuri. Jambo kuwezekana hakuifanyi picha iwe ya kweli, na jambo kuwa la ajabu hakuifanyi iwe ya uongo. Nimekaa dawati la picha la gazeti miaka mingi, na tulipopigwa chenga, tulipigwa zaidi na picha za mambo ya kawaida.

Mkolani, hitimisho lako naona litasimama, ila ushahidi uliotumia hausimami. Nianze na huo, kwa sababu ndio kosa ninaloliona kila wiki mitandaoni.

Vivuli viwili kwenye picha havilazimiki kuelekea njia moja. Ukisimama barabarani jioni, vivuli vya nguzo ni sambamba pale ardhini, lakini kwenye picha vinatawanyika au kukusanyika kama reli zinavyoonekana kukutana mbali. Na kivuli kinapotoka kwenye ardhi tambarare na kupanda ukingo wa zege lazima kivunjike. Kwa hiyo nguzo na bodaboda kutofautiana si kosa hata kidogo.

Usilinganishe mwelekeo wa kivuli na kivuli. Unganisha kitu na kivuli chake. Chagua nukta unayoijua vizuri kwenye kitu, tuseme ncha ya nguzo. Tafuta nukta hiyo hiyo kwenye kivuli, yaani ncha ya kivuli cha nguzo. Vuta mstari mnyoofu upite zote mbili, uendelee hadi nje ya picha. Fanya hivyo kwa vitu vitatu au vinne. Mwanga unasafiri moja kwa moja, kwa hiyo jua likiwa mbele ya kamera, mstari huo unapita kwenye nukta moja ambayo ndiyo jua lenyewe, hata kama jua liko nje ya fremu. Mistari yote ya vitu vilivyokuwepo kweli itakutana hapo. Uzuri wake ni kwamba haijalishi kivuli kimeangukia wapi, chini, ukutani, au kwenye ngazi.

Nimefungua picha kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nikaongeza turubai pande zote ili mistari ipate pa kwenda. Ncha ya nguzo na ncha ya kivuli chake. Kioo cha kulia cha bodaboda na kivuli chake. Kona ya paa la kibanda na kivuli cha kona hiyo. Mistari yote mitatu imekutana juu kushoto, nje ya picha, mahali pamoja. Mkolani, barabara, nguzo, bodaboda na kibanda ni picha moja halali. Wewe ulikuwa unawashtaki wasio na hatia.

Kiboko nitamrudia, niko kazini.

---

Bibi Harusi Mstaafu

Jamani uzi mzuri sana. Mimi nina shida inayofanana. Kwenye picha ya familia harusini kwa mdogo wangu, kaka yetu mkubwa hayupo, yuko Muscat kikazi. Mama anataka picha ya ukutani yenye watoto wake wote. Naomba mnielekeze namna ya kumwingiza kaka asijulikane kama kabandikwa.

---

Mkolani Kwetu

Dada yangu, sisi huku tunakamata wezi wewe unaomba funguo 😂

---

Dakitari wa Simu

FundiPicha, umeeleza vizuri, lakini hujanijibu la ELA. Mashine imeonyesha. Halafu hiyo ya kuchora mistari mbona inaonekana ya kubahatisha? Macho tu yanatosha. Picha ya Lee Harvey Oswald, yule aliyeshtakiwa kumuua Rais Kennedy, ameshika bunduki uani kwake, dunia nzima inajua ni ya kutengeneza kwa sababu ya vivuli. Kivuli cha pua kimeshuka wima kama saa sita mchana, cha mwili kimelala ubavuni kama alasiri. Hata mwenyewe aliwaambia polisi kwamba uso wake umebandikwa.

---

FundiPicha

Nakushukuru kwa kumleta Oswald, maana hakuna mfano mzuri kuliko huo wa macho kudanganya.

Picha zile zilipigwa Dallas Machi 1963, na mkewe Marina alikiri mwenyewe kuzipiga. Kweli Oswald alikana alipokamatwa Novemba mwaka huo. Na kweli watu kwa miongo wakashikilia pua na mwili, pamoja na kidevu kinachoonekana kipana kuliko chake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kamati ya Bunge la Marekani ikawapa wataalamu wa picha kazi. Wakaichukua negativu iliyopo na kamera yenyewe, Imperial Reflex ya bei rahisi, wakakuta alama za ukingo wa fremu ambazo kamera ile huacha kwenye kila filamu. Zililingana.

Bado watu hawakuridhika kuhusu vivuli. Mwaka 2009 Hany Farid, profesa ambaye kazi yake ni uchunguzi wa picha, akajenga kichwa na mwili wa Oswald kwenye kompyuta kwa vipimo vitatu, akaweka taa moja tu kama jua. Taa hiyo moja ikatoa vivuli vyote kwa pamoja: cha pua, cha chini ya mdomo, cha shingo na kile cha ardhini. Pua inachomoza mbele na uso umeelekea upande fulani, ndiyo maana kivuli chake kinaonekana kimeshuka wima. Kidevu "kipana" kilikuwa giza la kivuli likificha ncha yake. Hakukuwa na jua la pili.

Yaani watu wengi wenye macho mazima waliitazama picha moja kwa zaidi ya miaka 40 na kuapa kwamba vivuli vinagombana, na havikuwa vinagombana. Jicho la binadamu linatambua uso wa mtu haraka sana, lakini kukadiria kivuli kinatakiwa kuangukia wapi haliwezi. Ndiyo maana nasema chora.

Sasa ELA. Hicho kipimo kinahifadhi picha upya na kuonyesha wapi imebadilika zaidi. Kingo kali na sehemu zenye manyoya, majani au maandishi huwaka hata kwenye picha ambayo hakuna mtu aliyeigusa. Na hii imepita WhatsApp mara nyingi, kila mara ikibanwa upya. Tazama tena matokeo yako: je, spoki za bodaboda hazijawaka?

---

Dakitari wa Simu

Zimewaka. Na maandishi ya kibandani pia yamewaka. Sawa, hapo nimekuelewa. Lakini kingo za kiboko zina mstari mweupe mwembamba umemzunguka, huo si wa WhatsApp.

---

FundiPicha

Huo mstari angalia kama upo pia kwenye nguzo dhidi ya anga. Upo. Simu nyingi hunoa picha zenyewe, na kunoa kunaacha utepe mwembamba mweupe kila penye giza kukutana na mwanga. Kingo ndizo ushahidi dhaifu kuliko wote kwenye picha iliyopita WhatsApp, na simu zenye kufifisha nyuma ya mtu zinakata nywele, masikio na miwani vibaya kiasi kwamba picha halali inaonekana imekatwa kwa mkasi.

Kingo zina maana pale ambapo kitu chenyewe kimevunjika, si pale palipong'aa. Machi 2024 mashirika ya habari, AP, Reuters na AFP yakiwemo, yaliondoa picha ya Kate, Binti Mfalme wa Wales, na watoto wake. AP walitaja mkono wa kushoto wa binti yake: sehemu ya mkono na vazi haikuungana sawasawa. Hakukuwa na utepe mweupe. Ilikuwa sweta inayoishia hewani. Kesho yake kasri likatoa ujumbe wa mama huyo akikiri kwamba alikuwa amejaribu kuihariri. Zingatieni pia kwamba kuhaririwa huko hakukumaanisha kwamba watu wale hawakuwepo.

Kwa kiboko wetu, nimefuata ukingo wote kwa kukuza picha. Miguu miwili ya nyuma inaingia kwenye tope bila tope kupanda kwenye kwato. Inatia shaka, lakini sitamfunga mtu kwa hilo.

---

Mtu wa Ramani

Mimi ni mpima ardhi, naingia kwa sababu mistari ndiyo mkate wangu. FundiPicha, njia yako ni sahihi kijiometria ila kuna masharti hujataja. Moja, lenzi. Simu ikiwekwa kwenye 0.5 inapindisha mistari pembeni, na mstari usiponyooka huwezi kuuvuta ukategemea ukutane na wenzake. Panorama ndiyo kabisa, usiguse. Pili, ncha ya kivuli mara nyingi haijulikani ni ya nukta ipi. Kioo cha bodaboda sawa. Lakini kiboko ni duara tupu, utachagua nukta gani?

---

FundiPicha

Mpimaji, umegonga palepale. Kuhusu lenzi, nguzo iko karibu na ukingo wa kushoto na imenyooka kabisa, kwa hiyo sidhani kama ni 0.5. Ingekuwa hivyo ingepinda kama upinde.

Kuhusu kiboko, kitu chenye mviringo hakidai uwe na uhakika wa nukta. Chukua sikio la kushoto. Kwenye kivuli kuna kivimbe ambacho kwa vyovyote ni cha sikio, ila sijui ni sehemu gani hasa ya sikio. Basi navuta mistari miwili: mmoja kutoka ukingo wa kushoto kabisa wa kivimbe, mwingine kutoka ukingo wa kulia kabisa, yote nikiipitisha kwenye upana wote wa sikio kwa ukarimu. Naachiwa eneo lenye umbo la kabari. Sijui jua liko wapi ndani ya kabari hiyo, lakini nje yake haliwezi kuwa. Farid na wenzake walichapisha njia hii mwaka 2013 kwa ajili ya hali kama hii, ambapo nukta moja moja hazipatikani.

Kisha naangalia kama mahali ilipokutana mistari mitatu ya kwanza pamo ndani ya kabari. Hapamo. Kabari ya sikio inapita chini sana, karibu na upeo wa macho. Nimefanya pua na kivuli chake, kabari ya pili nayo inalala chini. Aliyechora kivuli cha kiboko alikilaza kirefu mno, kama jua linachomoza, wakati nguzo na bodaboda zinasema jua limeshapanda.

Lakini tuelewane upande wa pili. Kabari zingekubaliana, nisingeweza kusema picha ni ya kweli. Ningesema tu kipimo hiki hakijaipinga. Mtu mwenye subira anaweza kuchora kivuli sahihi.

---

Otis wa Nyalenda

Sasa hapo naona. Lakini fundi, mbona kivuli cha kiboko kwenye kona ya kulia ni cheusi zaidi? Pale kinapoingia kwenye kivuli cha kibanda.

---

FundiPicha

Otis una jicho! Hapo ndipo mimi nilipoacha kubishana na nafsi yangu.

Kivuli ni mahali jua halifiki. Kibanda kikishalizuia jua, kiboko akija kusimama hapo hana jua la kuzuia tena. Kwa hiyo vivuli viwili vya jua moja vikipandana, pale vilipopandana hapawi peusi maradufu, na wala usingeweza kuona mpaka wa kimoja ndani ya kingine. Jaribuni nje kesho, panga viganja viwili juani vivuli vyake vipandane, giza ni lile lile.

Kwenye picha hii mpaka wa kivuli cha kiboko unaendelea wazi ndani ya kivuli cha kibanda, na sehemu ya pamoja imekuwa nyeusi kuliko zote mbili. Jua halifanyi hivyo. Inatokea ukiweka tabaka la rangi nyeusi inayopitisha mwanga kidogo juu ya picha iliyokuwa na kivuli tayari.

---

Mtu wa Ramani

Ngoja kidogo. Kivulini kuna mwanga wa anga, ndiyo maana tunaona. Kiboko ni mnyama mkubwa, anazuia na anga pia. Kwa hiyo kivuli ndani ya kivuli kinaweza kuwa cheusi zaidi.

---

FundiPicha

Kinaweza, na ndiyo sababu chini ya tumbo la gari lililoegeshwa kivulini pana giza zaidi. Lakini giza hilo linakaa chini ya mwili na kufifia taratibu kadiri unavyotoka, kwa sababu anga ni pana, linatoa mwanga kila upande. Haliwezi kuwa na umbo la sikio, mita mbili kutoka kwa mwenye sikio.

---

Mtu wa Ramani

Nakubali kwa umbo la sikio. Kwa sehemu iliyo karibu na miguu bado nasema tusihukumu.

---

Bibi Harusi Mstaafu

Mmenisahau. Nimejaribu hiyo mistari kwenye picha yetu ya ukumbini kabla ya kumwingiza kaka, na mistari haikutani hata kidogo. Ina maana picha ya harusi ni feki? Nilikuwepo!

---

FundiPicha

Dada, ukumbini taa ni nyingi, na mpiga picha ana mwanga wake mwenyewe. Kila taa ina mkutano wake wa mistari na kila mtu ana vivuli viwili vitatu. Kipimo hiki ni cha mwanga mmoja, jua au taa moja. Picha yenu ni salama.

Kuhusu kaka, kwa kuwa ni picha ya ukutani kwa mama na kila mtu nyumbani atajua, nitakwambia. Mwambie apigwe picha kule na mwanga utokao upande ule ule unaowapiga nyie usoni, kamera ikiwa kimo kile kile. Hivyo viwili vikikosewa hakuna fundi atakayeviokoa baadaye. Ukiwa na picha ya nje juani, kumbuka kivuli hakina ukali sawa mwanzo hadi mwisho. Miguuni kinakatika kama wembe, halafu kinazidi kulainika, karibu sentimita 1 kwa kila mita kutoka kwenye kitu hadi kinapoangukia kivuli. Wanaobandika hukifanya laini sawasawa chote, au kikali chote.

Na nyuma ya picha andikeni kalamu kwamba kaka aliongezwa. Wajukuu watashukuru.

---

Mama Ntilie Mstaarabu

Wakuu mnajichosha. Picha za wanyama kwenye mafuriko zote ni feki. Ile ya papa anaogelea barabarani ilianza Puerto Rico 2011, ikarudi Houston 2017 kwenye kimbunga Harvey, papa ni yule yule.

---

Otis wa Nyalenda

Papa yule alikatwa kutoka picha halali ya mpiga picha Thomas Peschak, papa mweupe akifuata mtumbwi wa kayaki Afrika Kusini, ilichapishwa 2005. Hiyo ni kweli. Lakini "zote" hapana. 2022 Fort Myers, Florida, kwenye kimbunga Ian, kulikuwa na video ya samaki kama papa kwenye mtaa uliofurika, watu wakacheka, AP wakafuatilia wakakuta video ni halali. Ukishazoea kusema "zote feki" hiyo ingekupita.

---

Mkolani Kwetu

Fundi, na dimbwi? Mimi nilikuwa naliangalia tu. Bodaboda inaonekana majini, kiboko haonekani. Ila mke wangu anasema kiboko hayuko ndani ya maji, yuko nyuma ya dimbwi, kwa hiyo si lazima aonekane.

---

FundiPicha

Shemeji ana hoja nzuri na watu wengi wanaipuuza. Tuipime.

Maji yaliyotulia ni kioo kilicholala. Nukta yoyote na taswira yake ya majini zinapangana kwenye mstari wima, na kimo cha kitu juu ya usawa wa maji kinarudiwa chini yake. Kwato za mbele za kiboko ziko karibu na ukingo wa maji. Kutoka kwato hadi mgongoni nimehesabu takriban pikseli 240. Basi taswira ya mgongo inatakiwa iwe takriban pikseli 240 chini ya kwato. Dimbwi linaanza pikseli 40 chini ya kwato na kuendelea hadi kama 300. Kwa hiyo shemeji yuko sahihi kwa miguu: sehemu yake ya chini ingeangukia kwenye tope, isingeonekana. Lakini tumbo, mgongo na masikio vilitakiwa viwe ndani ya maji. Bodaboda iko umbali uleule, na kioo chake kinaonekana majini vizuri, kimenyooka, hakuna mawimbi ya kusingizia.

Badala ya kiboko, mahali pale kuna kibanda kizima, ukuta na paa. Hapa ndipo pazuri. Watu hudhani taswira ya majini ni picha ya juu iliyogeuzwa. Siyo. Maji yanaonyesha kile ambacho jicho lingeona likiwa chini ya ardhi, kina sawa na kimo cha kamera. Kutoka chini hivyo, kitu cha mbele kinakinga zaidi kilicho nyuma yake. Juu tunaona paa likichungulia nyuma ya mgongo wa kiboko. Majini mgongo ulitakiwa ulifunike zaidi hilo paa. Aliyebandika alihangaika na kivuli, dimbwi akaliacha kama lilivyokuwa.

Na kwa faida ya siku nyingine: ukikuta picha ambayo taswira ya majini ni nakala kamili iliyopinduliwa, hata chini ya daraja hakuonekani zaidi ya juu, hiyo nayo itilie shaka.

---

Dakitari wa Simu

Sawa, kiboko kaondoka. Lakini bado nasema mtu mzoefu anaona kwa macho. Mimi niliona feki tangu mwanzo bila mstari wowote.

---

Mkolani Kwetu

Na mimi niliona, kwa sababu ya nguzo isiyo na kosa 😂

Basi nimerudi grupuni nikamwomba aliyeituma wa kwanza anitumie faili kama waraka, si picha. Imekuja upana wa pikseli 1600, ile ile. Anasema na yeye aliipokea. Nikauliza kutoka wapi, amekaa kimya. Nimetafuta kiboko huyu kwa kupandisha picha kwenye Google, nikageuza kushoto kulia nikapandisha tena, bado.

---

FundiPicha

Mkate kiboko peke yake, bila barabara, ndipo upandishe. Ukipandisha picha nzima injini inatafuta barabara.

---

Otis wa Nyalenda

Mimi nataka kujua barabara ni ya wapi, maana hiyo ni picha halali ya mahali fulani. Kibanda ni chekundu. M-Pesa huku kwetu ni kijani, kule kwenu ni nyekundu. Kwa hivyo naona ni Tanzania.

---

Mkolani Kwetu

Nyekundu inaweza kuwa Airtel, na Airtel ipo pande zote mbili. Namba ya bodaboda nimeikuza hadi ikawa matofali. Ningeona MC mwanzoni ningesema ni yetu, KM ningesema ni yenu. Nachoona ni herufi ya kwanza kama M, au K iliyoloa.

---

Mtu wa Ramani

Kama kuna mtu ana picha ya barabara hiyo kabla kiboko hajaingia, aiweke hapa. Nguzo ina kibao kidogo cha namba katikati. Kwenye faili isiyobanwa kinasomeka.